Nakshi inapokatika kwenye marekebisho: wino, tundu na mshono uliofumuka

Shati lililofika mezani kwangu lilikuwa la mirabaraba, au drafti kama wengi wanavyosema: sakafu nyeupe, mistari ya buluu iliyokoza na myembamba ya damu ya mzee. Bolpeni ilivujia mfukoni. Mwenyewe akalisugua doa kwa brashi na dawa ya kung'arisha yenye klorini, mistari ikapauka, kisha kitambaa kikachanika chini kidogo ya mfuko. Mshono wa ubavuni nao ulikuwa umefumuka. Kiraka alichoshonewa mahali pengine kilikuwa imara kabisa, ila mistari yake ilipishana na ya shati kwa upana wa punje ya mchele, na kwenye mirabaraba hiyo inatosha jicho lisione kitu kingine.

Nitalitumia shati hilo kupitia dalili moja baada ya nyingine. Naanza na wino, kwa kuwa namna unavyolitoa doa ndiyo inayoamua kama utahitaji kiraka au la.

Dalili: wino umepungua, lakini rangi ya nakshi imeondoka nao

Chanzo cha kwanza ni klorini. Haichagui kati ya wino na rangi ya mstari, na wino wa bolpeni mara nyingi huihimili kuliko mstari wenyewe. Kwenye sufu na hariri ni mbaya zaidi, kwa sababu inakula nyuzi zenyewe.

Chanzo cha pili ni kusugua. Wino wa bolpeni una mafuta mafuta, hivyo maji na sabuni peke yake huusambaza tu. Kinachouyeyusha ni spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Laza nguo doa likitazama chini juu ya karatasi nyeupe inayofyonza, kisha gusagusa mgongo wa kitambaa kwa pamba yenye spiriti. Wino unashuka kwenye karatasi badala ya kuogelea ndani ya nguo. Sogeza karatasi kila inapochafuka. Ukiiacha ileile, unaurudisha wino ulioutoa. Doa la ukubwa wa sarafu laweza kutaka kubadilisha karatasi mara kumi au kumi na tano. Karatasi ikibaki safi mara mbili mfululizo, ndipo ufue. Fanya kazi hii mbali na moto, na usipige pasi kabla doa halijaisha, kwa maana joto huugandisha wino uliobaki.

Kabla ya yote hayo, jaribu spiriti kwenye akiba ya mshono, ule ukingo wa kitambaa unaobaki ndani ya nguo: ibonyeze kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kwa dakika moja. Kitambaa kikitoka na buluu, ujue rangi ya mstari nayo inayeyuka, na hapo usiguse zaidi ya doa lenyewe. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, iache kabisa kama hujui nguo imetengenezwa kwa nyuzi gani. Asetati huyeyuka ndani yake na kukuachia tundu.

Wino wa kalamu ya kujaza huwa wa maji, nao hutoka kwa maji baridi mengi ukiwahi. Wino wa jeli ndio mkaidi: rangi yake mara nyingi ni chembe ngumu zisizoyeyuka, zinazojishikiza kwenye nyuzi. Doa la jeli lililokauka usilitolee ahadi.

Je, kama mstari umeshapauka lakini kitambaa ni kizima? Hapo usikate. Unaweza kuurudisha mstari kwa rangi ya nguo na brashi nyembamba, ila kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Katika mirabaraba iliyofumwa, mstari haukupakwa. Nyuzi za rangi zinazokwenda urefu, yaani za mtande, zinakutana na nyuzi nyeupe za mshindio, na ndiyo maana mstari unaonekana mwepesi kuliko uzi wake. Rangi inakoza kwelikweli pale tu mistari miwili inapokatana, kwa kuwa nyuzi za pande zote mbili ni za buluu. Ukiupaka mstari mzima rangi moja, utaonekana kama bango. Paka rangi iliyopunguzwa kwa maji kwenye mstari wote, iache ikauke, kisha rudia mara ya pili kwenye makutano peke yake. Rangi mbichi huonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye akiba ya mshono.

Dalili: kiraka kimekaa imara, lakini mistari inapishana

Hili ndilo lililokuwa tatizo kuu la shati letu, na vyanzo vyake ni zaidi ya kimoja.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba fundi alilinganisha mistari kwenye ukingo aliokata, si kwenye mstari wa kushonea. Anakata kiraka, anakigeuza uso kwa uso na nguo, anapanga kingo zilingane vizuri na anashona. Akikifungua, milimita sita za akiba zimeingia ndani kila upande, na mistari inayokutana si ile aliyoipanga. Nakshi inakutana mahali sindano inapopita tu. Kinachoonekana ukingoni hakina habari.

Dawa yake ni kufanya kazi ukiwa upande wa nje wa nguo, unapoiona nakshi kwa macho, hata kama mshono wa mwisho utapigwa ndani. Kwenye kiraka utaratibu ni huu: lipunguze tundu liwe mstatili unaofuata nyuzi, chanja pembe zake kwa mshazari hadi kwenye mstari wa mkunjo, kunja kingo nne ndani milimita sita na uzipige pasi. Sasa una dirisha. Weka kipande chini ya dirisha hilo na ukisogeze polepole hadi kila mstari upande wa nguo uingie kwenye ndugu yake upande wa kiraka. Bana kwa pini, piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, kisha shona kwa mkono ukipitisha sindano ndani ya mkunjo na kuidonoa kwenye kiraka mkabala wake. Uzi unajificha ndani ya mkunjo wenyewe.

Dirisha ulipange pia. Usikate tu kwa kufuata ukubwa wa tundu; panua kidogo mpaka mkunjo uangukie ukingoni mwa mstari uliokoza. Mkunjo unatupa kivuli chembamba, na kivuli hicho kwenye sakafu nyeupe kinaonekana kama ufa, ilhali pembeni mwa buluu kinapotea.

Chanzo cha pili ni kipande kisichokuwa na nakshi unayoihitaji. Nakshi yoyote ina marudio: umbali kutoka mstari fulani mpaka pale mpangilio unapoanza upya. Kwenye shati hili marudio yalikuwa sentimita 4.2 kwa upana na 4.8 kwa urefu. Tundu lililosafishwa lilikuwa sentimita 2 kwa 2.5, na baada ya kukunja milimita 6 kila upande, dirisha likawa 3.2 kwa 3.7. Kiraka kinahitaji kupita dirisha kwa sentimita 1.5 kila upande, kwa hiyo kikawa 6.2 kwa 6.7.

Lakini kupata kipande cha 6.2 kwa 6.7 si hoja. Unahitaji kipande cha ukubwa huo *kilichoanzia mahali sahihi pa nakshi*. Kanuni ninayoitumia ni kuongeza marudio mamoja kwenye upana wa kiraka na mamoja kwenye urefu wake. Hapa inakuwa 10.4 kwa 11.5. Eneo lenye ukubwa huo haliwezi kukunyima kiraka, popote nakshi ilipoanzia. Eneo dogo kuliko hilo ni bahati nasibu; huenda likafaa, lakini weka kwanza karatasi laini inayopitisha mwanga juu ya dirisha, chora mistari inayolizunguka, na uitembeze juu ya eneo hilo kabla hujashika mkasi.

Eneo hilo linatoka wapi kama hakuna kitambaa cha ziada? Pindo la chini la shati hili lilikuwa sentimita moja, halisaidii kitu. Nyuma ya mfuko palikuwa na nafasi ya sentimita 12 kwa 14. Ukiacha milimita tano kila upande ili usisogelee mshono wa mfuko, zinabaki 11 kwa 13. Inatosha. Nikafumua mfuko, nikakata kiraka mgongoni mwake, nikaliziba pengo kwa pamba nyeupe nyembamba, kisha nikaurudisha mfuko kwenye matundu yake ya zamani. Kwenye suruali naangalia pindo la mguu, na kwenye gauni naangalia mkanda wa ndani wa shingo.

Chanzo cha tatu kinachekesha kidogo: kiraka kiko sahihi ila kimepinduliwa. Mirabaraba mingi hailingani pande mbili. Buluu, nyeupe, damu ya mzee, nyeupe pana, kisha buluu. Ukikigeuza kiraka juu chini, mpangilio unakwenda kinyume na mstari mmoja hautapata mwenzake hata uhangaike kutwa. Ukiona mistari miwili inakubali na wa tatu unakataa, usiendelee kuvuta kitambaa. Kigeuze kiraka kwanza. Kuanzia siku nilipopoteza mchana mzima kwa kosa hili, natia alama ya chaki inayoonyesha juu kabla sijakata chochote.

Cha nne ni nakshi iliyopigwa chapa ikiwa imepinda. Mistari iliyofumwa hufuata nyuzi. Iliyochapwa si lazima. Chomoa uzi mmoja kwenye akiba na uangalie: uzi ukiuacha mstari njiani, chapa imepinda. Kwenye kiraka kidogo fuata chapa, maana ndiyo inayoonekana. Kwenye kiraka kikubwa kuliko kiganja, kufuata chapa kunaweza kukifanya kijivute kikifuliwa, na hapo huna budi kuchagua kati ya nakshi iliyopishana kidogo na kiraka kilichojikunja. Mimi nachagua ya kwanza.

Dalili: mistari imelingana, lakini kiraka bado kinajitangaza

Hapa lawama si ya mistari. Angalia rangi. Kipande cha nyuma ya mfuko hakijaona jua, na shati lililovaliwa miaka mitatu limefifia pande zote isipokuwa hapo. Nilikifua kiraka mara tatu kwa maji ya uvuguvugu na kukianika juani kikiwa kibichi kwa siku nne kabla ya kukishona. Mahali pa kupimia ni ukosi kwa nyuma: kiraka kikifanana nao, tosha. Kufua huku kuna faida ya pili: kama kipande kimetoka kwenye kitambaa kipya, kitakuwa kimeshanywea. Kiraka kinachonywea baada ya kushonwa hukunja eneo lote linalokizunguka, na mistari iliyokuwa imenyooka inakuwa kama imepita juu ya jiwe.

Halafu angalia uzi. Mshono wa mkono unaokatisha mistari mitatu kwa uzi mweupe utaacha vitone vyeupe kwenye buluu. Badilisha uzi kila unapoingia mstari mwingine. Bora zaidi, chomoa nyuzi kwenye akiba ya shati lenyewe na uzitumie. Ni dhaifu, kwa hiyo zikate fupi, zipitishe kwenye nta, na usizivute. Inachosha, sikatai, lakini kiraka cha sentimita tatu kina mistari michache tu.

Mwisho angalia pasi. Ukipiga pasi juu ya kiraka kwa nje, kingo zilizokunjwa ndani zinajichora na kuacha mstatili unaong'aa. Piga pasi kwa ndani, juu ya taulo, kwa kubonyeza bila kuburuta.

Kwa nguo ya maua makubwa, sahau dirisha la mstatili. Tafuta ua zima lingine kama lile lililoharibika, likate kwa kufuata muhtasari wake ukiacha milimita nne za kukunja, na ulishone juu ya tundu. Ukingo wa kiraka unakuwa ukingo wa ua, na macho hayana sababu ya kuutilia shaka. Kazi hii haitaki marudio wala nyuzi, inataka subira kwenye mikunjo ya petali tu.

Na tundu dogo kuliko sentimita moja kwenye sufu nzito halihitaji kiraka hata kidogo. Tililia kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye pindo la nguo hiyohiyo, ukirudisha uzi mmoja mmoja wa mtande kwa rangi yake, kisha wa mshindio, juu na chini kama kitambaa kilivyofumwa. Kwenye shati jembamba sishauri. Nyuzi ni nyingi mno kwa kila sentimita, na utakachopata ni fundo.

Dalili: mshono umerudishwa, lakini mistari ya mbele na nyuma imeachana

Kwanza tambua kilichokatika ni nini. Kama ni uzi wa mshono peke yake, matundu ya zamani ya sindano bado yapo, na kazi ni kurudi kwenye matundu hayo ukianza sentimita mbili kabla ya mfumuko na kumaliza sentimita mbili baada yake. Kama ni kitambaa kilichochopoka nyuzi kando ya mshono, kurudi palepale ni kushona hewa.

Wengi hapo huingia ndani zaidi, milimita tano hivi, na kupata kitambaa kizima. Kwenye mistari ya kulala haitaharibu kitu: mstari unabaki kwenye kimo kilekile hata ukiusogeza mshono, ingawa nguo itabana. Kwenye mistari ya mshazari inayokutana kama ncha ya mshale mambo ni mengine. Ukiingia milimita tano upande mmoja tu, kwa mistari iliyolala kwa pembe ya nyuzi 45, ncha inahama milimita tano zilezile, na unapata ngazi badala ya mshale. Ingia sawa pande zote mbili, au usiingie kabisa.

Ubavu wa shati letu ulikuwa umechopoka nyuzi upande wa mgongo tu, kwa urefu wa sentimita 7. Sikuingia ndani. Nilizirudisha nyuzi mahali pake kwa ncha ya sindano, nikabandika kwa pasi nyuma yake utepe wa gamu nyembamba, ile inayotiwa kwenye kola, upana sentimita 2 na urefu 10, kisha nikashona kwenye mstari uleule wa zamani. Gamu nene ingeonekana kama ubao chini ya mirabaraba. Chukua ile nyepesi kuliko kitambaa.

Sasa ule ujanja wa dirisha unarudi. Kunja akiba ya upande wa mbele kwenye alama yake ya zamani, ilaze juu ya upande wa mgongo ili mkunjo uguse mstari wa kushonea, panga mistari ikutane, na utie pini kwenye kila mstari uliokoza. Piga bandi kwa nje: sindano itembee ndani ya mkunjo sentimita moja, ishuke kwenye kitambaa cha chini, irudi ndani ya mkunjo. Fungua, geuza uso kwa uso, na utaona bandi imekaa juu ya mstari wa kushonea. Pitisha cherehani hapo. Kwenye mshono wa mshazari kingo zilizokatwa hazitalingana, zitaota masikio mwishoni. Usizirekebishe, zikilingana ndipo mistari itakapoachana.

Kama uliipanga vizuri na bado mistari ya chini imeachana kwa milimita mbili au tatu wakati ya juu imekutana, kosa ni la cherehani. Meno yanavuta kitambaa cha chini, mguu unakizuia cha juu, na tofauti inajilimbikiza kadri unavyoshona. Pini zilizolazwa kufuata mshono hazizuii hilo. Bandi ya karibu karibu inazuia. Punguza mkandamizo wa mguu kama cherehani yako inaruhusu, tumia sindano namba 70 au 80 kwa shati, na kila baada ya sentimita tano simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu, uache nguo ipumue, kisha endelea.

Kwenye shati hili kila mstari wa buluu wa ubavuni ulikutana na mwenzake, isipokuwa mmoja uliopita chini ya kwapa, ambao kitambaa kilikuwa kimenyooshwa na miaka ya kuvaliwa. Ulipishana kwa nusu milimita. Niliuacha hivyo, kwa sababu kuulazimisha kungelikunja kwapa lote, na mkono ukishuka hauonekani.